Siki ilizimuliwa mara ngapi? Hesabu ya taitresheni kutoka bureti hadi chupa ya dukani

"Shikamoo mwalimu. Tulipima siki nyeupe ya dukani. Tulichukua mililita 20 kwa pipeti, tukaziweka kwenye flaski ya ujazo, tukajaza maji hadi alama ya 250. Tukachukua mililita 25 za mmumunyo huo, tukafanya taitresheni kwa NaOH 0.100 M na fenoftalini. Bureti ilitupa 17.20, kisha 16.65, 16.55 na 16.60. Mimi nimepata 0.664 M, jirani yangu wa mezani kapata 0.830 M, na mwingine kapata 0.0664 M. Wiki iliyopita tulitumia siki mililita 25, tukazidisha kwa kumi, sote tukawa sawa. Safari hii nani kakosea, na kwa nini?"

Marahaba, kijana wangu. Siki iliyomo kwenye chupa ni 0.830 M, kwa hiyo jirani yako ndiye aliyefika. Yule wa 0.0664 M hesabu yake haina kosa, ila kaishia njiani: kapata ukolezi wa siki iliyokwisha kuzimuliwa, ile iliyokuwa kwenye flaski ya ujazo, akaweka kalamu chini. Wewe ulifika pale pale alipofika yeye, kisha ukazidisha kwa namba ambayo haikuwa kazi yake. Kumi yako ya wiki iliyopita ilikuwa sahihi kwa bahati, na bahati hiyo ndiyo iliyokuponza wiki hii.

Tuanze na swali ambalo wengi hawajiulizi: kwa nini siki ilizimuliwa kabla ya kupimwa? Siki ya dukani ina asidi nyingi kuliko bureti inavyoweza kuhudumia. Mngechukua mililita 25 za siki kavu kavu na kuzipima kwa NaOH ya 0.100 M, mngehitaji NaOH mililita 207 na ushee. Bureti ya maabara hubeba 50. Ungeijaza na kuijaza tena, na kila ukiijaza unaongeza makosa ya kusoma. Unaweza kusema, basi tuchukue siki mililita 2 tu. Sawa, lakini kukosea tone moja kwenye mililita 2 ni kosa kubwa, na kukosea tone hilo hilo kwenye mililita 20 ni dogo. Ndiyo maana tunapima kiasi kikubwa kwa uangalifu, tunakizimua kwa kiwango tunachokijua, halafu tunachukua kipande cha kile kilichozimuliwa. Gharama yake ni hatua moja zaidi ya hesabu, na hatua hiyo ndiyo iliyowagawa nyinyi watatu.

Sasa chukua karatasi, uchore vyombo kwa mpangilio mlioutumia: chupa ya siki, flaski ya ujazo, flaski ya koniko, bureti. Chini ya kila chombo andika ujazo uliopita pale. Ukifanya hivyo utaona kwamba tendo lenu lina namba nne za ujazo, na kila moja ina kazi yake. Ishirini ni siki iliyotoka kwenye chupa. Mia mbili na hamsini ni makazi mapya ya asidi yote iliyokuwa ndani ya zile ishirini. Ishirini na tano ni kipande mlichokichota kutoka kwenye makazi hayo. Kumi na sita nukta sita ni NaOH iliyohitajika kuimaliza asidi ya kipande hicho peke yake.

Hesabu inasafiri kinyume na mikono yenu. Mikono ilitoka kwenye chupa ikaishia kwenye bureti. Hesabu inaanzia kwenye bureti, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ambapo ukolezi na ujazo vyote viwili vinajulikana. Kabla ya kuanza, tafuta wastani. Ile 17.20 iache nje. Ilikuwa ya kubahatisha, mlifungua koki kwa wingi kutafuta rangi inabadilika wapi, na mkapitiliza. Tatu zilizobaki zimekaribiana, tofauti ya kubwa na ndogo ni 0.10 tu, na wastani wake ni 16.60. Ungeiingiza ile ya kwanza wastani ungepanda hadi 16.75, na jibu la mwisho lingepanda kwa karibu asilimia moja kwa sababu ya kipimo ambacho nyinyi wenyewe mnajua kilipita kikomo.

Hatua ya kwanza ni moli za NaOH. Molariti ni moli kwa lita, na bureti inasoma mililita, kwa hiyo lazima ugawe kwa elfu:

0.100 × 16.60 ÷ 1000 = 0.00166 moli

Hatua ya pili ni kuvuka kutoka besi kwenda asidi. Daraja lake ni mlinganyo wa kemia:

CH3COOH + NaOH → CH3COONa + H2O

Moja kwa moja. Asidi ya siki ina haidrojeni nne kwenye fomula yake, lakini inayotoka kukutana na besi ni moja tu, ile iliyoshikamana na oksijeni. Kwa hiyo kwenye flaski ya koniko mlikuwa na moli 0.00166 za asidi. Moli hizo zilikuja na zile mililita 25, na ukolezi wa zile mililita 25 ni:

0.00166 ÷ 0.0250 = 0.0664 M

Hapa ndipo mwenzenu wa tatu alipofunga daftari. Jiulize: 0.0664 M ni ukolezi wa nini? Ni wa kile kilichokuwa ndani ya pipeti. Na kilichokuwa ndani ya pipeti kilitoka kwenye flaski ya ujazo, iliyokwisha kuchanganywa vizuri, kwa hiyo ni ukolezi wa flaski nzima pia. Ukichota chai kikombe kimoja kutoka kwenye birika, utamu wa kikombe ni utamu wa birika. Kuchota hakuzimui. Shika jambo hili, maana ndilo kosa lako: ulipogawa moli kwa 0.0250, zile 25 zilimaliza kazi yake. Ulipozirudisha tena chini ya 250 ili upate kumi, ulizitumia mara ya pili.

Kilichozimua ni maji mliyoongeza juu ya siki. Siki ilikuwa na mililita 20, ikawa 250. Imezimuliwa mara 250 ÷ 20, yaani mara 12.5. Kwa hiyo:

0.0664 × 12.5 = 0.830 M

Wiki iliyopita mlichukua siki 25, mkajaza hadi 250, mkachota 25. Kuna 25 mbili pale, moja ya siki na moja ya pipeti. Kipimo cha kuzimua kilikuwa 250 ÷ 25 kwa ile 25 ya kwanza. Wewe ulikuwa ukitumia ile ya pili, na kwa kuwa zinalingana hakuna aliyekukamata, hata wewe mwenyewe. Zoezi linalotumia namba moja mahali pawili mimi silipendi kabisa kwa mwanafunzi anayeanza, kwa sababu linampa alama kamili aliyeelewa na asiyeelewa.

Nikuonyeshe upande mwingine wake. Tuseme wiki hii mngekuwa na pipeti ya mililita 20 badala ya 25 kwenye hatua ya kuchota. Asidi ndani ya koniko ingepungua, na bureti ingesoma 13.28. Moli 0.001328, gawa kwa 0.0200, unapata 0.0664 M, ile ile. Pipeti imebadilika, bureti imebadilika, ukolezi wa flaski umebaki palepale. Kisha kwa njia yako ungezidisha kwa 250 ÷ 20, ukapata 0.830 M, na ungeendelea kuamini njia hiyo wiki nyingine nzima.

Kama neno "mara" linakuchanganya, iko njia isiyolihitaji kabisa, na mimi huipenda zaidi kwa sababu inafuata moli tu. Kipande cha mililita 25 kilikuwa na moli 0.00166. Flaski nzima ina vipande kumi vya namna hiyo, kwa hiyo ina moli 0.0166. Hapa, na hapa tu, ndipo kumi yako ingekuwa mahali pake: unapanda kutoka moli za kipande kwenda moli za flaski. Sasa asidi yote ya flaski ilitoka wapi? Kwenye siki mililita 20, maana maji hayakuleta asidi. Basi moli 0.0166 zilikuwa zimekaa ndani ya lita 0.0200:

0.0166 ÷ 0.0200 = 0.830 M

Jibu lile lile, na hakuna mahali ulipolazimika kukumbuka kanuni. Angalia pia tofauti kati ya ulichofanya na hiki: wewe ulizidisha ukolezi kwa kumi. Moli za flaski ni mara kumi ya moli za kipande, lakini ukolezi wa flaski na wa kipande ni mmoja. Moli huongezeka pale kiasi kinapoongezeka. Ukolezi haujali umechota kiasi gani.

Nadhani chanzo kingine cha mkanganyiko ni ile kanuni mnayoikariri, M1V1 = M2V2. Inatumika mahali pawili na kwa maana mbili, lakini kwa kuwa sura yake ni moja wanafunzi wanadhani ni kitu kimoja. Kwenye kuzimua, pande zote mbili ni dutu ile ile, asidi ya siki kabla ya maji na asidi ya siki baada ya maji. Maji yameongeza nafasi, moli hazikubadilika, kwa hiyo kanuni ni ya kweli daima. Kwenye taitresheni, upande mmoja ni asidi na mwingine ni besi, dutu mbili tofauti, na usawa unakuja tu pale mlinganyo unaposema moja kwa moja. Siki na NaOH wanakubali. Asidi ya salfuriki na NaOH hawakubali, maana moli moja ya asidi hiyo inakula mbili za besi, na ukiitumia kanuni hiyo bila kugawa utapata ukolezi mara mbili ya ukweli. Ushauri wangu ni kuiacha kanuni hiyo kwenye kuzimua peke yake, na kwenye taitresheni upite kwenye moli kila mara.

Sasa swali la namna gani ungejigundua mwenyewe kabla ya kupeleka daftari. Chupa ya siki ina lebo, na siki nyingi za mezani huandikwa asilimia 5, yaani takriban gramu 5 za asidi kwenye mililita 100. Moli moja ya asidi ya siki ina gramu 60.05. Zidisha:

0.830 × 60.05 = gramu 49.8 kwa lita

Hiyo ni gramu 4.98 kwa mililita 100, sawa na lebo. Jibu lako la 0.664 M linatoa gramu 39.9 kwa lita, karibu asilimia 4. Na 0.0664 M linatoa asilimia 0.4, siki ambayo hata kachumbari isingeisikia. Tazama jinsi makosa yanavyojitambulisha: jibu la mwenzenu wa tatu liko mbali kiasi kwamba lebo inalikataa papo hapo, lakini lako limekaa mahali ambapo mtu angeweza kusema labda kiwanda kimepunja. Makosa ya kuzimua yana tabia hiyo. Hayatoi upuuzi, yanatoa jibu linaloaminika.

Kuna toleo jingine la kosa hili ambalo halifanyiki kwenye karatasi, linafanyika kwenye meza. Umeandika "tukajaza maji hadi alama ya 250", na kama ndivyo mlivyofanya, vizuri. Lakini nimeona wanafunzi wakipima maji mililita 250 kwa silinda, wakayamimina juu ya siki mililita 20. Wao wana mililita 270. Siki yao imezimuliwa mara 13.5, wakati hesabu yao inasema 12.5, na jibu litashuka kwa zaidi ya asilimia saba. Unachotaka ni ujazo wa mwisho, na ndiyo maana flaski ya ujazo ina shingo nyembamba yenye mstari mmoja. Unaweka siki, unaongeza maji yaliyokenekwa mpaka karibu na shingo, unatikisa kidogo, kisha unamalizia kwa tone tone mpaka chini ya mbonyeo wa maji pagusane na mstari, jicho likiwa usawa wa mstari huo. Halafu kizibo, na kuipindua flaski juu chini mara kumi au zaidi. Hatua hii ya kupindua watu huiruka. Kinachochotwa kwenye flaski isiyochanganywa si birika moja tena: chini kuna kitu kimoja na juu kuna kingine, na dalili yake utaiona kwenye bureti, vipimo vyako vitakuwa vinapanda au kushuka kwa mfululizo kadiri unavyochota.

Hapo hapo pana jambo linalowashangaza wengi. Maji kwenye vyombo fulani yanaharibu kazi, na kwenye vingine hayana neno. Flaski ya koniko unaweza kuisuuza kwa maji ukaitumia ikiwa imelowa. Unaweza hata kuongeza maji ndani yake katikati ya taitresheni ili kuteremsha matone yaliyoganda ukutani. Ukolezi wa asidi mle ndani unashuka, ni kweli, lakini bureti haipimi ukolezi wa koniko, inamaliza moli zilizomo, na moli zilikwisha kuhesabiwa na pipeti. Kinyume chake, pipeti iliyolowa maji inazimua mmumunyo kabla hujauchota, na bureti iliyolowa maji inazimua NaOH kinyume na ile 0.100 uliyoiandika. Hivyo viwili visuuzwe kwa mmumunyo wenyewe utakaokaa ndani yake. Na koniko isisuuzwe kwa siki hata kidogo, maana utaacha asidi ya ziada ambayo hakuna aliyeihesabu. Ukielewa ni chombo gani kinahesabu moli na kipi kinazipokea tu, hutahitaji kukariri orodha ya vipi vinasuuzwa kwa nini.

Kuhusu fenoftalini, mlichagua vizuri, na sababu yake inafaa uione kwa namba. Asidi ya siki ni dhaifu. NaOH inapoimaliza, kinachobaki ni chumvi yake, na chumvi hiyo inaufanya mmumunyo uwe besi kidogo. Kwenye tendo lenu pH ya kikomo ni karibu 8.7. Fenoftalini huanza kuwa waridi kuanzia takriban 8.3, kwa hiyo inaamka wakati unaofaa. Metili oranji hubadilika kati ya 3.1 na 4.4. Mngeitumia hiyo, ingekuwa imemaliza kubadilika rangi bureti ikiwa kwenye mililita 5 hivi, pole pole bila mkato, huku zaidi ya nusu ya asidi ikiwa haijaguswa. Ukiona mtu kapata siki dhaifu ajabu na anasema rangi "ilikuwa inasuasua", muulize kwanza alidondosha kiashiria gani.

Rangi ya kusimamia ni waridi hafifu kabisa, ile ambayo unaiona tu kwa sababu umeweka kigae au karatasi nyeupe chini ya flaski. Ikidumu nusu dakika ukitikisa, umefika. Baadaye itafifia yenyewe, na usiongeze tone kwa sababu hiyo: kabonidioksaidi ya hewani inaingia na kuila besi kidogo iliyobaki. Waridi iliyokolea kama juisi ya rozela ni ishara kwamba umepitiliza. Siki zilizotengenezwa kwa kuchachusha, kama ile ya tembo la mnazi, zinaweza kuwa na rangi yake yenyewe inayoificha waridi, na hapo kuzimua kunakusaidia mara mbili, maana rangi nayo inazimuka. Lakini ujue kwamba siki za namna hiyo zinaweza kuwa na asidi nyingine kidogo pamoja na ya siki. Bureti haibagui. Inakupa jumla ya asidi yote, nawe unaiandika kana kwamba yote ni asidi ya siki.

Nimebakiza jambo ambalo hukuuliza, lakini linaweza kuharibu kazi ya darasa zima huku kila mtu akiwa amefanya hesabu sawasawa. Umeiamini ile 0.100 M ya NaOH. Nani kakuambia?

Mwaka mmoja, katika shule niliyokuwa nikifundisha, darasa zima lilipata siki ya 0.90 M hivi. Vipimo vilikaribiana kama ndugu wa tumbo moja, kuzimua kulikuwa sawa, hesabu sawa, na lebo ilisema asilimia 5. Jibu lao lilikuwa linasema asilimia 5.4. Nilikwenda stoo kuangalia NaOH ilitengenezwaje. Aliyeitengeneza alipima gramu 4.0 za vidonge kwa kila lita, na kwenye karatasi hiyo ni 0.100 M kamili. Lakini vidonge vilitoka kwenye kopo lililofunguliwa mara nyingi, vimeshikamana na kuteleza kama sabuni iliyoachwa bafuni. NaOH huvuta unyevu na kabonidioksaidi kutoka hewani. Katika zile gramu 4.0, sehemu haikuwa NaOH tena. Tulipoipima kwa asidi tunayoijua tulikuta ni 0.0925 M, na tulipolirudia jibu la darasa kwa namba hiyo likatoka 0.83.

Angalia mwelekeo wa kosa, utakusaidia. NaOH ikiwa dhaifu kuliko lebo yake, inahitajika nyingi zaidi, bureti inasoma juu, na siki inaonekana kali kuliko ilivyo. Na kukaribiana kwa vipimo hakukusaidii chochote hapa, kwa sababu kila mmoja anatumia chupa ile ile.

Dawa yake ni kuipima NaOH yenyewe kwanza, kwa kitu kinachopimika vizuri kwenye mizani na kisichobadilika hewani. Mashuleni asidi ya oksaliki yenye maji yake, H2C2O4·2H2O, inafaa. Moli moja ni gramu 126.07. Ni sumu, kwa hiyo pipeti ivutwe kwa mpira, mdomo usihusike. Pima gramu 1.576, yeyusha, jaza flaski ya ujazo hadi 250. Moli zilizomo ni 1.576 ÷ 126.07, yaani 0.0125, na ukolezi ni 0.0500 M. Chota mililita 25, una moli 0.00125 za asidi. Hapa mlinganyo si moja kwa moja tena:

H2C2O4 + 2NaOH → Na2C2O4 + 2H2O

Kwa hiyo NaOH iliyohitajika ni moli 0.00250. Kama NaOH yenu ingekuwa 0.100 M kweli, bureti ingesoma 25.00. Tuseme mmeipima na bureti ikasoma 26.05:

0.00250 ÷ 0.02605 = 0.0960 M

Sasa rudi kwenye siki yenu na urudie hesabu ile ile kwa namba hii. Moli za NaOH zinakuwa 0.0960 × 0.01660, yaani 0.001594. Gawa kwa 0.0250, ni 0.0637 M. Zidisha kwa 12.5, ni 0.797 M, karibu asilimia 4.8. Tofauti hiyo ya asilimia nne ni kubwa kuliko kosa lolote mliloweza kufanya kwa kusoma bureti. Bureti nzuri unaisoma hadi 0.05, mwanzo na mwisho, kwa hiyo hata mkikosea kote kuwili ni 0.10 katika 16.60, chini ya asilimia moja. Watu hubishana nusu saa juu ya tone moja la mwisho, na chupa ya NaOH imekaa pembeni haijaulizwa.

Kwa hiyo kwenye daftari lako andika 0.830 M, tarakimu tatu, kwa sharti kwamba NaOH ni 0.100 M. Usiandike 0.8300, hiyo tarakimu ya nne bureti yenu haikuipa. Kama bado kuna mmumunyo kwenye flaski ya ujazo na maabara ina asidi ya oksaliki, ombeni dakika ishirini za kuipima NaOH kabla haijamwagwa. Siki iliyozimuliwa ikifungwa kizibo inaweza kusubiri hadi kesho. NaOH ndiyo isiyosubiri.